Samansi inasema "Kituo Jumuishi" tu: niende jengo lipi, niingie chumba kipi?

"Nimeitwa mahakamani kwa mirathi ya baba, aliyefariki mwaka jana akiwa anaishi Mbagala. Samansi alipokea kaka yangu, akanitumia picha kwa simu. Inasema nifike 'Kituo Jumuishi' saa 3:00 asubuhi, basi. Hakuna chumba wala ghorofa, na muhuri umefifia. Mimi naishi Morogoro, na hapa kwetu pia kuna Kituo Jumuishi. Kaka anasema nifike tu nitaona. Ni jengo lipi? Nikishafika nitajuaje pa kuingia? Na samansi isiyo na chumba ni halali kweli?"

Dada yangu, jibu la jengo umeliandika mwenyewe bila kujua: ni lile neno Mbagala. Mirathi inayofunguliwa Mahakama ya Mwanzo hufuata makazi ya kudumu ya marehemu wakati anafariki. Haifuati mahali wanapoishi warithi, wala alikozikwa, wala kijiji alikozaliwa. Baba yako alikuwa na makazi yake Mbagala, na Mbagala iko Temeke. Kwa hiyo Kituo Jumuishi unachoitwa ni karibu hakika cha Temeke, Dar es Salaam. Hicho cha hapo Morogoro hakihusiki, hata kama ukitoka nyumbani unafika kwa miguu. Nasema "karibu hakika" kwa sababu karatasi yenyewe sijaiona, na hapo chini nitakuonyesha namna ya kuondoa hiyo "karibu" kabla hujakata tiketi.

Mkanganyiko wako si wa kujitakia. "Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki" si jina la jengo moja, ni jina la aina ya jengo. Vya kwanza sita vilizinduliwa mwaka 2021: Dodoma, Arusha, Mwanza, Morogoro, na viwili Dar es Salaam, yaani Kinondoni na Temeke. Vingine vimeongezwa tangu hapo. Maana ya "jumuishi" ni kwamba ngazi kadhaa za mahakama zimewekwa chini ya paa moja, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, ili mtu asihangaike mji mzima na bahasha kwapani. Karani wa Temeke anapoandika "Kituo Jumuishi" anaona ameeleweka, kwa kuwa kwake kuna kimoja tu. Hafikirii kwamba karatasi itasomwa na mtu aliyeko Morogoro, mwenye cha kwake.

Cha Temeke kina sifa moja inayokusaidia wewe: kilitengwa kwa mashauri ya familia, hasa mirathi na ndoa. Kile cha Morogoro kinapokea mashauri ya kila namna. Kwa hiyo mkazi wa Dar akiitwa kwa deni la mkopo au kesi ya wizi na mtu akamwambia aende Kituo Jumuishi Temeke, hapo nami ningeshtuka. Lakini mirathi ya mtu wa Mbagala kuwa pale ni jambo la kawaida kabisa.

Sasa hilo la uhalali. Samansi isiyo na namba ya chumba ni halali. Watu wengi hudhani karani amesahau, au karatasi ni ya kughushi, na wapo wanaoitupa kwa sababu hiyo wakajuta baadaye. Sababu ya kukosekana chumba ni rahisi: shauri hupangiwa hakimu, halipangiwi chumba. Siku jalada lako lilipofunguliwa alipangiwa hakimu fulani, na samansi ikatoka siku au wiki kadhaa kabla ya tarehe ya kuitwa. Katikati hapo hakimu anaweza kwenda likizo, kuhamishwa kituo, kuitwa mafunzoni, au kuamua asubuhi ileile kwamba shauri la watu watatu alisikilizie ofisini kwake, na ukumbi uachwe kwa shauri lenye mashahidi. Chumba kikiandikwa leo, kuna uwezekano mkubwa siku ya siku kiwe si hicho. Kwa hiyo usitafute chumba kwanza. Tafuta ni mahakama ipi ndani ya jengo, shauri namba ngapi, na hakimu nani. Ukishakuwa na hayo matatu, chumba utaonyeshwa kwa kidole.

Tuanze na ile picha. Mwombe kaka yako aipige upya. Karatasi ilazwe mezani karibu na dirisha, isikunjwe, na apige pande zote mbili. Usidharau mgongo wa samansi. Mara nyingi aliyeipeleka, awe mpeleka samansi wa mahakama au mtendaji wa mtaa, huandika hapo tarehe na saini, na wakati mwingine namba ya simu ya karani. Kisha soma mistari ya juu kabisa, ile ya herufi kubwa ambayo watu huiruka wakikimbilia tarehe. Itakuwa na sura kama hii: KATIKA MAHAKAMA YA MWANZO TEMEKE, na chini yake au kwenye mabano, KITUO JUMUISHI. Huo mstari ndio anwani yako ya kweli. Neno "Kituo Jumuishi" lililo katikati ya sentensi linakupeleka getini tu, ila kichwa cha karatasi kinakupeleka kwenye mlango wa masjala.

Muhuri nao, hata ukiwa umefifia, husomeka ukiukuza kwenye simu. Hutakiwi kuusoma wote. Tafuta herufi chache za mwisho wa jina la mahali: "-EKE" ni Temeke, "-ORO" ni Morogoro. Nimeshawahi kuusoma muhuri kwa herufi mbili na nusu, ukatosha. Ikiwa kichwa na muhuri vinataja mahali pamoja, jengo umeshalipata. Vikipingana, usijaribu kuchagua wewe. Piga simu au mtume mtu.

Kitu cha pili kwenye karatasi ni ngazi ya mahakama, na hapa ndipo watu wanapopotea wakiwa tayari ndani ya jengo sahihi. Nikupe mfano, namba nimezitunga. Tuseme familia ilifungua "Shauri la Mirathi Na. 212 la 2024" Mahakama ya Mwanzo, na ndugu mmoja akaomba awe msimamizi. Mdogo wake akaweka pingamizi, likatupwa, akakata rufaa Mahakama ya Wilaya, ambako faili likapewa jina "Rufaa ya Mirathi Na. 19 ya 2025". Marehemu ni yuleyule, ndugu ni walewale, jengo ni lilelile. Shangazi yao ambaye hakujua habari ya rufaa anafika na samansi mpya, anakwenda moja kwa moja kwenye benchi la Mahakama ya Mwanzo alikokaa mara ya kwanza, anasubiri. Saa 5:00 anauliza, anaambiwa faili liko upande wa Wilaya na lilishaitwa saa mbili zilizopita. Hakukosea jengo wala siku. Alichokosa ni kusoma neno "Rufaa". Kwako wewe, ikiwa ndiyo kwanza mirathi inafunguliwa, kichwa kitakuwa cha Mahakama ya Mwanzo. Ukiona "Mahakama ya Wilaya", "Mahakama ya Hakimu Mkazi" au "Mahakama Kuu", masjala ni nyingine na hakimu ni mwingine, na ikiwa ni Mahakama Kuu anayesikiliza ni jaji au naibu msajili.

Angalia pia neno linaloeleza unaitiwa nini. "Kutajwa" maana yake shauri linaangaliwa limefikia wapi, na huisha kwa dakika chache, hata mbele ya hakimu asiye wako kama wako hayupo. "Kusikilizwa" maana yake mtu atatoa ushahidi siku hiyo. Siku ya kutajwa ukichelewa kupata chumba pengine utakuta umeshapangiwa tarehe nyingine bila madhara makubwa. Siku ya kusikilizwa ni habari nyingine.

Na hiyo saa 3:00 asubuhi ni saa tatu yetu. Ukiona mahali pengine, kwenye orodha iliyochapwa kwa kompyuta, imeandikwa 09:00, ni wakati uleule. Nimekutana na kijana aliyekuja saa 9:00 alasiri akiwa amevaa suti, maskini, mahakama inafunga madirisha.

Kuhusu kuthibitisha kabla ya safari, unazo njia tatu na sizipi uzito sawa. Iliyo bora ni mtu wa Dar, kaka yako huyohuyo anayesema "utaona tu", aende Temeke siku moja au mbili kabla na samansi yenyewe mkononi, aulize masjala ya mahakama iliyotajwa kwenye kichwa: shauri lipo kwenu, liko kwa hakimu nani, tarehe haijabadilika? Ni kazi ya nusu saa na haina ada. Ya pili ni simu, kama namba ipo kwenye samansi. Piga asubuhi kabla mahakama haijaanza kukaa, au mchana mashauri yakishapungua, kwa sababu katikati karani yuko ukumbini na simu italia bure. Ya tatu ni wewe kwenda Kituo Jumuishi cha hapo Morogoro na ile picha. Hawana jalada lako, lakini karani ataisoma karatasi kwa sekunde kumi na kukuambia ni ya mahakama gani, maana anaandika za namna hiyo kila siku. Tovuti ya Mahakama, judiciary.go.tz, ipo na inafaa kutazamwa, hasa kwa mashauri ya mahakama za juu. Kwa shauri la Mahakama ya Mwanzo usiifanye tegemeo lako pekee. Jina lako likikosekana mtandaoni haina maana kwamba hukuitwa.

Siku yenyewe, fika saa 2:00. Kutoka Morogoro hata kwa treni ya umeme ningekushauri ulale Dar usiku uliotangulia, kwa sababu ukishashuka stesheni bado kuna safari ya kwenda Temeke katikati ya foleni ya asubuhi. Getini utakaguliwa. Mapokezi usianze na "natafuta chumba cha mirathi", kwani karibu vyumba vyote pale ni vya mirathi na ndoa. Toa samansi, sema "Mahakama ya Mwanzo, masjala iko wapi?" Wao huuliza mahakama ipi kwanza, kwa hiyo ukianza na hilo umewapunguzia swali.

Ukifika kwenye dirisha la masjala, hapa naomba unisikilize vizuri. Usitaje jina lako, taja jina la marehemu. Shauri la mirathi hufunguliwa kwa jina la aliyefariki: "katika suala la mirathi ya marehemu fulani", halafu linafuata jina la aliyeomba usimamizi. Wewe mrithi unaweza usiwe hata kwenye jalada la juu. Ukisema "mimi ni fulani binti fulani nimeitwa leo", karani atapitisha kidole kwenye orodha, hataona kitu, na atakujibu kwa uaminifu kabisa kwamba hakuna shauri lako. Watu wameondoka na jibu hilo wakarudi nyumbani. Sema namba ya shauri na jina la baba kama lilivyoandikwa kwenye samansi, si lile la mtaani. Kama baba alijulikana kama Mzee Kibao na hati zinasema kingine, Mzee Kibao hawamjui.

Orodha ya mashauri ya siku hubandikwa kwenye ubao au karibu na mlango. Tafuta namba yako, kisha soma pembeni jina la hakimu. Hilo ndilo unaloulizia: "Mheshimiwa fulani anakaa wapi leo?" Neno "leo" ni la muhimu, kwa sababu mtu akikumbuka alipokuwa anakaa wiki iliyopita atakuelekeza huko. Kwa msaidizi wake, yaani karani anayeshika mafaili mlangoni, jitambulishe kwamba umefika na wewe ni mrithi wa marehemu huyo. Kujiandikisha mapokezi hakumfikishii hakimu habari kwamba upo.

Halafu kaa karibu na huo mlango, masikio wazi. Kuita kwenyewe ni sauti ya mtu anayechungulia nje: "Mirathi ya marehemu Saidi!" mara mbili au tatu, halafu mlango unafungwa. Hakuna kipaza sauti wala namba ya foleni kama benki. Na jihadhari na majina yanayofanana. Marehemu Saidi wanaweza kuwa wawili asubuhi moja, kwa hiyo kabla hujaketi ndani angalia kama nyuso za ndugu zako zimo. Ikiwa humwoni hata mmoja, uliza namba ya shauri papo hapo.

Mimi mwenyewe, miaka yangu ya mwanzo ya uwakili, niliwahi kukaa dakika arobaini kwenye ukumbi wa mahakama moja mjini nikisikiliza mgogoro wa mpaka wa shamba, nikingoja shauri langu la talaka. Hakimu wangu alikuwa amehamia ofisi ya mwenzake ghorofa ya juu kwa sababu feni ya ukumbi wake imeharibika. Aliyejua ni mhudumu aliyekuwa anabeba mafaili. Toka siku hiyo nikiona dakika kumi na tano zimepita baada ya saa iliyoandikwa na sijasikia dalili ya shauri langu, ninainuka na kumuuliza aliyeshika mafaili: jalada namba fulani liko kwa nani sasa hivi? Mtu anaweza asijue hakimu yuko wapi, lakini jalada lazima liwe limechukuliwa na mtu.

Ukijikuta umeenda jengo lisilo lako, usirudi nyumbani. Mwombe karani wa hapo akuandikie kwa mkono kwamba ulifika, saa ngapi, au walau umwombe apige simu masjala ya Temeke. Mpigie na ndugu aliyeko huko aseme mbele ya hakimu kwamba uko njiani umepotea jengo. Hakimu halazimiki kukungoja, ila mtu anayejulikana yuko njiani ni tofauti na mtu asiyejulikana alipo. Kwa mirathi hatari yake ni hii: siku ya kusikilizwa, kama hakuna anayepinga, mahakama inaweza kumteua aliyeomba na kumpa ile hati ya usimamizi ambayo watu huiita fomu namba nne. Akishaipata anaweza kwenda nayo benki. Uteuzi huo unaweza kuombewa kutenguliwa baadaye, lakini utakuwa unakimbizana na mali inayotembea.

Yapo mazingira ambayo maandishi yangu hayatoshi, na ni vizuri uonane na mtu ana kwa ana. Kwanza, samansi isiyo na namba ya shauri wala muhuri wowote, au inayokuja na maelekezo ya kutuma pesa kwa simu ili "upangiwe chumba". Kufika ulikoitwa hakulipiwi. Ipeleke mahakamani wenyewe waione. Pili, tarehe imeshapita ulipoipata picha. Nenda masjala siku hiyohiyo, kwa kuwa muda wa kuomba jambo lirudiwe huhesabiwa na hausubiri. Tatu, kama unakusudia kumpinga anayeomba usimamizi, au kuna mtoto wa baba ambaye jina lake limeachwa, pata wakili kabla ya kuingia chumba chochote. Kama uwezo ni mdogo, ulizia mapokezi au ofisi ya Tanganyika Law Society habari ya msaada wa kisheria, na wapo pia wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hao wa mwisho hawatasimama kukutetea, ila watakusaidia kusoma karatasi na kuandika pingamizi lenye kueleweka.

Mkimaliza, usitoke mlangoni kwa haraka ya kuwahi gari. Tarehe inayofuata itatamkwa kwa mdomo, na kwa kuwa ulikuwepo ukaisikia, samansi nyingine haitakuja. Geuza hiyo uliyonayo, uandike mgongoni tarehe, saa, jina la hakimu na neno alilotumia, kutajwa au kusikilizwa. Chumba usikiandike.